Daraja la makalio: kwa nini mgongo ndio unaochoka, na namna ya kurudisha kazi kwenye makalio

Swali hili halikauki kwenye jimu za Arusha, wala kwa wakimbiaji wa Moshi wanaojiandaa na marathoni ya Kilimanjaro: "Mwalimu, nimelala chali, nimenyanyua kiuno kama ulivyosema, mbona kinachowaka ni mgongo, makalio yametulia tu?" Mara nyingi anayeuliza si mvivu. Amefanya kwa bidii, tena amenyanyua juu kuliko wenzake wote. Tatizo limejificha hapo hapo kwenye kunyanyua juu.

Mwongozo huu ni wa daraja la kawaida, ambalo wengine wanaliita briji: umelala chali, magoti yamekunjwa, nyayo na mabega viko sakafuni, kiuno kinapanda. Hili likikaa sawa, mengine yote ya aina yake yanafuata kwa urahisi. Likikaa vibaya, kila uzito utakaoongeza utaubebesha mgongo.

Vitu vya kuandaa

Tandika mkeka au blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya sakafu ngumu. Usifanyie kitandani, kwa sababu godoro linaumeza mgongo na hutajua kama umegusa chini au umebaki hewani. Kwa Arusha ya Juni na Julai saruji ni ya baridi kweli, basi weka blanketi, maana mtu anayetetemeka hukaza mabega na kubana pumzi, na pumzi ndiyo tutakayoitumia kazi kubwa.

Uwe pia na taulo dogo, au kitenge ulichokiviringisha hadi unene wa ngumi, cha kubana kati ya magoti. Simu ya kujirekodi iegemeze kwenye ndoo upande wako wa kulia au kushoto, kamera ikiwa usawa wa nyonga. Ukiwa na futi ya fundi cherehani, iweke karibu. Na usianze ukiwa umetoka kushiba. Subiri saa moja au mbili, kwa sababu tumbo lililojaa haliruhusu pumzi kutoka yote.

Usianze kabisa bila kuonwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama una maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, ganzi ya mguu, au umefanyiwa upasuaji wa mgongo au wa tumbo karibuni. Mjamzito aliyepita mwezi wa nne aulize kwanza kliniki kuhusu mazoezi ya kulala chali.

Kinachotokea ndani, kwa ufupi

Paja linaungana na fupanyonga kwenye kiungo cha nyonga. Kiungo hiki kinaliruhusu paja kurudi nyuma kidogo tu kupita mstari wa mwili, kwa watu wengi kama nyuzi 10 hadi 20. Goti likiwa limekunjwa, nafasi hiyo inapungua zaidi, kwa sababu kuna msuli mrefu wa mbele ya paja unaoanzia kwenye fupanyonga na kupita juu ya goti. Goti likikunjwa, msuli huo unakuwa umeshavutwa upande mmoja, na ukinyanyua kiuno unavutwa na upande wa pili.

Nafasi ya nyonga ikiisha, kiuno bado kinaweza kupanda, ila kwa njia nyingine: pingili za mgongo wa chini zinajipinda. Anayekutazama anaona umepanda. Nyonga yenyewe imeshasimama zamani.

Sasa mbavu zinaingiaje? Misuli ya tumbo imezishika mbavu upande wa juu na fupanyonga upande wa chini, kama kamba iliyofungwa ncha mbili. Kamba ikilegea, mbavu za chini zinachanua kuelekea dari na fupanyonga linabinuka kuelekea miguuni, kila moja ikienda zake. Na mbavu hazipandi peke yake. Kwa nyuma zimeungana na uti wa mgongo, kwa hiyo zikichanua mbele, sehemu ya mgongo iliyo chini yake inajipinda papo hapo. Ndiyo maana kumwambia mtu "usipinde mgongo" peke yake hakumsaidii sana. Anajitahidi kuuzuia mgongo huku mbavu zinaendelea kuuvuta.

Katika mwongozo huu nitatumia maneno mawili tu kwa fupanyonga. Kubinua ni kulisukuma mpaka mgongo wa chini utengeneze uwazi na sakafu. Kufyata ni kinyume chake, kama mbwa anavyofyata mkia: mfupa wa kinena unavutwa kuelekea kitovuni na uwazi ule unapungua.

Tofauti ya nafasi hizi mbili ndiyo inayoamua nani afanye kazi. Msuli mkubwa wa kalio umeshika nyuma ya fupanyonga na kuishia kwenye mfupa wa paja. Ukijikaza, unalirudisha paja nyuma, na wakati huo huo unalivuta fupanyonga lifyate. Kwa hiyo ukifyata kabla ya kunyanyuka, kalio limeshaanza kazi hata kabla hujaacha sakafu. Ukinyanyuka ukiwa umebinua, pembe kati ya paja na fupanyonga haifunguki mpaka mwisho hata kiuno kikionekana kiko juu, na mzigo wa kukushikilia pale unaenda kwenye misuli ya mgongo na ya nyuma ya paja. Kipimo cha zoezi hili, basi, ni ile pembe ya nyonga. Urefu kutoka sakafuni unadanganya.

Hatua

1. Lala chali, kunja magoti, kanyaga sakafu kwa nyayo zote. Acha upana wa ngumi mbili kati ya miguu, kisha bana taulo kati ya magoti kwa nguvu ndogo tu, ya kutosha lisianguke. Nyoosha mikono ubavuni: ncha za vidole zikaribie visigino bila kuvigusa. Kichwa kibaki chini, macho darini.

2. Tafuta fupanyonga lako liko wapi. Pitisha kiganja chini ya mgongo, usawa wa kitovu. Binua polepole, kiganja kitapita bila kizuizi. Fyata polepole, kiganja kitabanwa. Rudia mara 5, bila kunyanyua makalio. Kisha tulia mahali ambapo mgongo umegusa kiganja lakini bado unaweza kukichomoa kwa kukivuta kidogo. Hiyo ndiyo nafasi ya kuanzia. Usiubamize mgongo mpaka kiganja kiume. Nitaeleza madhara yake chini.

3. Weka shubiri. Kidole gumba kikae kwenye ukingo wa mbavu ya chini kabisa, kidole cha mwisho kwenye ncha ya mfupa wa nyonga, upande huo huo. Kwa watu wengi vidole havihitaji kukunjuka hadi mwisho. Kumbuka umbali huo, kwa sababu mkono huu ndio utakaokuambia ukweli.

4. Toa pumzi kwa mdomo, polepole kama unapoza uji, kwa sekunde 5 hivi, mpaka uone hewa imekwisha kweli. Kuelekea mwisho utasikia mbavu za chini zinashuka na kuingia ndani, na pande za tumbo zinakaza zenyewe. Subiri sekunde 1. Vuta pumzi ndogo kwa pua na uiache ijae ubavuni na mgongoni. Kidole gumba kisisukumwe kwenda kifuani.

5. Toa pumzi tena, na hewa ikiwa inatoka ndipo unyanyuke. Fyata kidogo kwanza, kisha sukuma sakafu kwa visigino mpaka makalio yaache chini. Kuanzia hapo kiwiliwili kinapanda kama ubao mmoja, kwa sekunde 2 au 3. Usijikunjue pingili moja baada ya nyingine. Hilo ni zoezi jingine lenye kazi yake.

6. Simama pale vidole vya shubiri vinapotaka kuachana. Hapo ndipo juu kwako, hata kama jirani yako kwenye jimu amepanda zaidi.

7. Shikilia sekunde 3 huku ukipumua kidogo kidogo. Fikiria unayasukuma magoti yaende mbele, mbali na kichwa. Wazo hilo linaifungua nyonga bila kuzigusa mbavu.

8. Shuka kwa sekunde 3. Makalio yakigusa sakafu, tulia, rudisha shubiri na pumzi, ndipo uanze tena. Ukidundadunda, mbavu zitakuwa zimechanua ifikapo mara ya nne.

Anza na marudio 8, seti 2, ukipumzika dakika 1 katikati, siku 3 kwa wiki na siku moja ya kupumzika kati yake. Ukimaliza wiki mbili bila shubiri kufunguka, nenda marudio 10, seti 3.

Mfano: fundi cherehani na futi yake

Tuchukue dada mmoja anayeshona Arusha, anakaa kwenye cherehani kutwa nzima. Amekuwa akifanya madaraja 20 mfululizo kila jioni, na akimaliza anajishika mgongo. Tunamwambia afanye kama alivyozoea, na kwa futi yake mwenyewe tunapima kutoka sakafuni hadi ule mfupa unaotokeza ubavuni mwa nyonga. Akiwa juu anapata sentimita 34. Video ya pembeni inaonyesha kitu kingine: ukifuata mstari kutoka magoti kushuka hadi mabegani, katikati kuna kilima. Mbavu zimejitokeza juu ya mstari, na suruali yake imekunjamana nyuma ya kiuno.

Tunamweka kwenye hatua ya 2 hadi ya 4, kisha ananyanyuka akiwa ameweka shubiri. Kwenye sentimita 28 vidole vinaanza kuachana, tunamwambia asimame. Kwenye video sasa mstari unateremka kutoka magotini hadi mabegani bila kilima. Zile sentimita 6 zilizopotea hazikuwa za nyonga hata siku moja, zilikuwa za mgongo. Na akiwa amesimama pale chini anasema makalio yanatetemeka kwenye rudio la sita, mtu aliyekuwa akifanya 20 bila kuyasikia.

Kuna jambo moja zaidi kwake. Kwa kukaa kutwa, mbele ya nyonga zake kumekaza, na msuli ule mrefu wa paja unalivuta fupanyonga libinuke mapema. Tunamwongezea kitu kimoja kabla ya daraja: apige goti moja juu ya mto, mguu mwingine mbele, afyate, kisha asogee mbele kidogo tu mpaka asikie mvuto mbele ya paja la goti lililo chini. Sekunde 30 kila upande, mara 2. Asipofyata kwanza, atasogea mbele sana na kujiona amelainika, kumbe ameupinda mgongo ule ule.

Baada ya wiki tatu apime tena. Akipata sentimita 29 huku shubiri imetulia, hiyo sentimita 1 ni ya nyonga kweli. Akirudi 34 kwa haraka, akague shubiri kabla ya kufurahi.

Makosa yanayoturudisha nyuma

Kubwa kuliko yote ni kuvuta pumzi nyingi na kuibana wakati wa kupanda. Watu wamefundishwa kubana pumzi wanapoinua gunia, wanaleta desturi hiyo hapa. Kifua kikijaa hewa, mbavu zimeshachanua kabla kiuno hakijaondoka chini, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya kosa hilo. Daraja lisilo na uzito halihitaji pumzi ya kubanwa.

Pili ni mikono kupelekwa nyuma ya kichwa. Inaonekana kama kupumzika, lakini kuna misuli mipana inayotoka mgongoni hadi kwenye mkono, na mkono ukienda juu misuli hiyo inazivuta mbavu. Mkono mmoja uwe kwenye shubiri, mwingine sakafuni.

Tatu ni kufyata kupita kiasi, na hili linawapata hasa waliokwisha kusoma kwamba kubinua ni kubaya. Wanaubamiza mgongo chini kwa nguvu zote. Matokeo yake tumbo linajikunja, shingo inakaza, mbavu zinaminywa mpaka mtu hawezi kupumua akiwa juu, na nyuma ya paja inachukua kazi. Tena mtu ambaye mgongo wake huuma akiinama kufunga kamba za viatu anaweza kuumia zaidi kwa kufyata kwa nguvu. Huyo abaki katikati, mahali pa kiganja kutoka kwa urahisi, na ategemee zaidi kushuka kwa mbavu kuliko kufyata.

Ikiwa bado haikai sawa

*Nyuma ya paja inakaza ghafla.* Mara nyingi miguu iko mbali mno na makalio. Isogeze karibu sentimita 5 na ujaribu tena; ukiwa juu, mfupa wa mbele ya mguu kuanzia goti hadi kifundo uwe wima. Kama bado inakaza, huenda hukufyata kabla ya kuondoka chini, kwa hiyo nyuma ya paja imeanza kazi peke yake. Nyoosha mguu, subiri likupite, punguza marudio hadi 5.

*Mbele ya paja ndiyo inayowaka.* Hapa miguu iko karibu mno, au unasukuma kwa vidole vya miguu. Isogeze mbali kidogo na uhamishie uzito kwenye visigino, bila kuvinyanyua vidole.

*Shubiri imetulia lakini mgongo bado nausikia.* Angalia kushuka. Wengi wanapanda vizuri, kisha wanatangulia kuushusha mgongo wakati makalio yamebaki juu, au wanabinua wakikaribia sakafu. Hesabu zile sekunde 3 kwa sauti. Kama bado upo, fanya nusu ya urefu kwa wiki nzima: nyanyuka kiasi cha kiganja kupita chini ya makalio tu, ushikilie sekunde 5.

*Sisikii kitu popote.* Usiongeze urefu. Ongeza muda wa kushikilia hadi sekunde 8 na upunguze marudio hadi 5. Mtu mwenye nguvu za kutosha, kama mpagazi aliyezoea kupanda mlima na mzigo, huenda daraja hili ni jepesi kwake. Huyo aweke uzito, si zaidi ya kiroba cha unga cha kilo 5 kwa kuanzia, kikae chini ya kitovu, juu ya mifupa ya nyonga. Uzito ukikaa tumboni unaminya pumzi. Na hata huyu anaruhusiwa kuuongeza pale tu seti zake 3 za marudio 10 zinapoisha shubiri ikiwa haijafunguka.

*Upande mmoja unafanya kazi, mwingine umelala.* Jirekodi kutokea miguuni. Kama nyonga moja inashuka, usikimbilie daraja la mguu mmoja, maana huko fupanyonga litazunguka na mbavu za upande mmoja zitachanua pasipo wewe kujua. Baki na miguu miwili, hamishia shubiri upande uliolala, na uanze kila rudio kwa kusukuma kisigino cha upande huo kwanza.

*Maumivu yanachoma, yanashuka mguuni, au yanabaki hata baada ya siku mbili za kupumzika.* Acha zoezi, nenda ukaonwe. Ukipata ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia haja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.